Pilone kati ya parsele zetu: umbali gani ni salama, na nani atatuonyesha hesabu?

Maneno tuliyosema mbele ya wakaaji wa Buluo, Likasi



Leo hatukuje kuongea juu ya mambo kumi. Tumekuja juu ya kitu kimoja tu: pilone za telefone zinazosimama kati ya nyumba zetu.

Mu kartie kuko maneno ya aina mbili. Wa kwanza wanasema: "Ile pilone itatuua sote, ibomolewe leo." Wa pili wanasema: "Ni rezo tu, haina neno, muache watu watumike." Hawa wanapiga kelele, wale wanacheka, na katikati mama mwenye batoto hajui kama ahame ao abakie. Sisi tunaona pande zote mbili zinakosa kitu kimoja, na kitu kile ni namba. Kati yetu kuko waliosoma elektronike na fizike, wako na diplome mu sanduku na kazi hawana. Lakini hesabu hii haiombe kazi ya ofisi. Inaomba kalamu na kalkilatrise ya telefone. Tutaifanya hapa mbele yenu, pole pole, kila mutu aifuate.

Neno kubwa tunataka mulirudishe kwenu ni hili: hatari ya antene haipimwe kuanzia chini ya pilone. Inapimwa mbele ya uso wa antene yenyewe, kule juu. Anayelala meta 20 kutoka muguu wa pilone anaweza kupokea kidogo sana, na anayejenga etaje ng'ambo ya avenyi, sawasawa na urefu wa antene, anaweza kuingia mahali ambapo mutu hapaswi kukaa. Mukiielewa hii, mutajua ni nani wa kuogopa na ni nini cha kuomba.

Tuanze na mupaka wenyewe. Mawimbi ya redio hayafanane na mionzi ya iraniumu ya Shinkolobwe, ile ambayo sisi watu wa huku tunaifahamu kwa jina. Mionzi ya iraniumu iko na nguvu ya kuvunja kipande kidogo kabisa cha mwili, moja kwa moja. Mawimbi ya telefone hayana nguvu ile. Kazi yao inayojulikana vizuri ni kupasha joto. Ukiweka nyama mu furu ya mikro-onde inaiva, na ni mawimbi ya jamaa moja na yale ya antene. Tofauti ni wingi, na njo maana kila kitu kiko mu kipimo.

Kuko tume ya kimataifa ya wataalamu, jina lake kwa kifupi ni ICNIRP, iliyotoa mipaka mu 1998 na kuirekebisha mu 2020. Inchi nyingi zinafuata mipaka ile. Waliangalia ni kiasi gani cha mawimbi kinachoweza kuongeza joto la ndani ya mwili kwa digri 1, wakaona ni karibu wati 4 kwa kila kilo ya mwili, kwa nusu saa. Wakagawanya na 10, wakapata mupaka wa watumishi wanaopanda pilone: wati 0,4 kwa kilo. Wakagawanya na 50, wakapata mupaka wa watu wote, na batoto, wagonjwa na wenye mimba ndani yake: wati 0,08 kwa kilo. Kwa mutu wa kilo 60 ni karibu wati 5 mu mwili muzima. Kwa kulinganisha, mwili wako mwenyewe, ukikaa tu bila kufanya kazi, unatoa joto la wati 80 mpaka 100.

Lakini hakuna mutu anayeweza kupima wati ndani ya tumbo la mama mu avenyi. Kwa hiyo waligeuza mupaka ule kuwa kitu kinachopimika mu hewa: wati ngapi zinapita kila meta moja ya mraba. Mu masafa ya 900 megahezi mupaka wa watu wote ni wati 4,5 kwa meta ya mraba. Mu 1800 ni wati 9. Mu 2100 ni wati 10. Namba za chini ni kali zaidi, kwa sababu mwili haupokee masafa yote namna moja. Muzishike namba hizi tatu, tutazitumia sasa hivi.

Sasa tuangalie juu ya pilone. Kuko vitu vya aina mbili. Kuko zile za muviringo kama ngoma. Watu wanaziogopa kuliko zote, lakini zile zinaongea na pilone ingine tu, mara nyingi kwa nguvu isiyofika hata wati moja, na mwale wao ni mwembamba. Tena ni lazima upite juu ya nyumba zote, kwa sababu nyumba ikiuziba, rezo inakatika. Halafu kuko zile ndefu kama ubao, urefu wa meta moja na nusu ao mbili, zinazoangalia pande tatu. Zile njo zinaongea na telefone zenu, na hesabu yetu iko juu yao.

Ubao ule hautupe mawimbi kila upande kama taa ya nyumba. Uko sawa na toroshi. Unayakusanya mbele, kwa mwale mupana wa kushoto na kuume lakini mwembamba wa juu na chini, pengine digri 7 tu. Mwale ule unainamishwa kidogo ili ufikie watu. Nyuma ya ubao na chini yake kabisa yanaenda mawimbi kidogo. Kwa hiyo aliye chini ya pilone yuko kama mutu aliyesimama chini ya mukono unaoshika toroshi: toroshi inamulika kule mbele.

Sasa hesabu. Tutachukua mufano wa namba za kawaida kwa pilone ya aina ile. Namba za kweli za kila pilone ziko mu karatasi za mwenye antene, na tutarudia neno hilo mwishoni.

Mashini ya 2G inatoa wati 40 mu 900 megahezi. Mawimbi yanapanda mu kabo, na kabo inakula nusu. Mafundi wanaandika "desibeli 3", na desibeli 3 maana yake ni nusu. Kwa hiyo wati 20 zinafika kwa antene. Ubao unazikusanya mbele. Mafundi wanaandika "desibeli 17", na hapo wengi wanaanguka, wakizani ni mara 17. Hapana. Desibeli 10 ni mara 10, desibeli 20 ni mara 100, na desibeli 17 ni mara 50. Wati 20 mara 50 ni wati 1000. Namba hii njo nguvu anayoiona mutu aliye sawasawa mbele ya antene, kama vile mbele yake kuko taa ya wati 1000 inayomulika pande zote.

Wati zile 1000 zinapanuka kadiri zinavyoenda mbali. Ukienda mbali mara mbili, zinapungua mara nne. Ukienda mara tatu, zinapungua mara tisa. Njo maana umbali unasaidia sana. Tena ardhi, mabati na kuta zinarudisha mawimbi, na yale yanaweza kujiongeza juu ya yale yanayokuja moja kwa moja. Kwa hiyo mu waraka K.52 wa muungano wa kimataifa wa telekominikasio, UIT, hesabu inazidishwa na 2,56 ili isimudanganye mutu. Kanuni iko hivi:

```
r = sqrt( 2,56 × P × G / (4 × π × S) )
```

Hapo r ni umbali mu meta, P ni wati zinazofika kwa antene, G ni mara ngapi antene inakusanya, na S ni mupaka wa masafa yale. Tukiweka 1000 juu na 4,5 chini, tunapata meta 6,7. Maana yake: mbele ya ubao ule, mu mwale wake, mutu wa kawaida asikae karibu kuliko meta 6,7.

Lakini pilone haina 2G peke yake. Tuseme mu upande uleule kuko pia 3G mu 2100 na 4G mu 1800, kila moja na wati zake 1000. Hapa kosa la kawaida ni kupima kila moja peke yake na kusema "zote ziko chini ya mupaka". Mwili haujui 2G wala 4G, unapokea zote pamoja. Kwa hiyo tunagawanya kila moja na mupaka wake, halafu tunajumulisha: 1000 kwa 4,5 ni 222, 1000 kwa 9 ni 111, 1000 kwa 10 ni 100. Jumla ni 433. Tukiiweka jumla ile mu kanuni, umbali unakuwa meta 9,4.

Na kama kompani ya pili inakuja kuweka vitu vyake sawasawa na vile mu pilone ileile, ikiangalia upande uleule na urefu wa karibu, jumla inakuwa 866, na umbali unafika meta 13,3. Muangalie vizuri: vitu vimeongezeka mara mbili, umbali umeongezeka kwa meta 4 tu. Lakini meta 4 zile zinaweza kuwa balkoni ya mutu. Upande mwengine, mutu asijumulishe mbao zote tatu za pilone zinazoangalia pande tatu tofauti. Mutu mumoja hawezi kusimama mbele ya zote tatu. Anayefanya vile anatisha watu bure.

Sasa turudi kwa mama anayeuza unga chini. Antene iko juu meta 30, yeye yuko meta 60 kutoka muguu wa pilone. Kutoka kichwa chake mpaka kwa antene ni karibu meta 66. Tufanye kama vile toroshi imemuangalia yeye sawasawa, kitu ambacho si kweli. Kwa jumla yetu ya 433, anapata sehemu 1 ya mupaka ukigawanywa mara 50. Na kwa kuwa mwale mukubwa unapita juu ya kichwa chake, kwa kweli anapata kidogo kuliko ile. Mwale ule ukiinama digri 6, unagusa chini karibu meta 270 kutoka pilone. Mutu wa kule atauliza: "Basi ni mimi napigwa?" Ndiyo, mwale unakufikia, lakini kwa umbali ule ni chini ya sehemu moja ya mupaka ukigawanywa mara 800. Kwa hiyo anayelala karibu na pilone ya meta 30, mu nyumba ya chini, asihame juu ya mawimbi.

Sasa tuangalie wale ambao hakuna anayewasemea. Likasi ni muji wa vilima, munajua wenyewe. Pilone ikisimama bondeni na nyumba ikiwa mu kilima, ile meta 30 inaweza kuwa sawasawa na dirisha la mutu. Tena antene zingine haziwekwe mu pilone ndefu, zinawekwa juu ya dari ya jengo, kwa mulingoti wa meta tatu ao nne. Siku ile wanaiweka, mbele yake hakuna kitu. Miaka mitatu kisha, jirani anapandisha etaje. Dirisha la chumba cha batoto linakuwa meta 5 mbele ya ubao. Kwa mufano wetu, pale hesabu inatoa mara tatu na nusu ya mupaka. Hakuna mutu aliyevunja kitu siku ya kwanza. Karatasi zilikuwa sawa siku ya kwanza. Ni mahali ndipo palibadilika, na hakuna aliyerudia hesabu.

Kuko na wengine pia: fundi wa mabati anayepanda dari kuziba tobo, kijana anayesafisha tanki ya maji, mutu anayekuja kuvuta waya wa televizio. Hawa wanaweza kusimama meta moja mbele ya ubao bila kujua, juu ubao hauwake taa na hauungurume. Mutumishi wa kompani anajua: kabla ya kusimama mbele, anaomba wazime ao wapunguze nguvu. Fundi wa mabati hakuna aliyemwambia. Alama ya njano ya pembe tatu na kamba ya kuzuia njia ni kwa ajili yake, si kwa kupamba.

Sasa musituamini tu kwa sababu tumeandika namba. Hesabu hii iko na mipaka yake, na anayeijua vizuri anasema pale inapokosea.

Pa kwanza, karibu sana na antene kanuni inazidisha. Ubao wa meta 2 unahitaji karibu meta 24 ili mwale wake ujikusanye kabisa mu 900 megahezi. Kabla ya hapo, nguvu bado zimetawanyika mu urefu wote wa ubao. Kwa hiyo zile meta 9,4 zinaweza kuwa meta 7 ao chini kwa kweli, na wahandisi wako na hesabu nzito zaidi ya kuonyesha. Lakini kanuni yetu inakosea upande wa kulinda mutu. Njo maana inafaa kwa hesabu ya kwanza: ikisema uko salama, uko salama, ikisema hapana, usipige kelele bado, omba kipimo.

Pa pili, tumehesabu kama vile mashini zinatoa nguvu zote saa zote. Kwa kweli inategemea watu wangapi wanaita. Mangaribi, wakati kila mutu yuko mu telefone, zinapanda. Saa tisa ya usiku zinashuka.

Pa tatu ni pa kusema kwa heshima, juu kuko wagonjwa kati yetu. Mipaka hii inalinda juu ya joto. Juu ya kansa, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, kule Lyon, mu Mei 2011 liliweka mawimbi ya redio mu kundi la 2B. Maana yake ni "inawezekana", bado haijahakikishwa. Na walichokiangalia zaidi ni watu waliotumia telefone sana, zikigusa sikio kwa miaka, si watu waliokaa karibu na pilone. Telefone ni ndogo lakini iko sentimeta moja kutoka kichwa, na kama rezo ni mubaya, inaongeza nguvu ili isikike na pilone. Mwenye kuogopa aanze hapo: aite akiwa mahali rezo ni nzuri, ao atumie ekutere.

Kuko inchi zilizosema: mupaka ule ni mukubwa kwetu, tuupunguze. India, tangu Septemba 2012, ilichukua sehemu moja ya kumi: mu 900 megahezi ni wati 0,45 kwa meta ya mraba. Ni haki yao kuchagua, na sisi pia tunaweza kuomba vile. Lakini tujue inafanya nini mu umbali. Mupaka ukigawanywa na 10, umbali hauzidishwe na 10, unazidishwa na 3,2. Meta 9,4 zetu zinakuwa karibu meta 30. Na yule mama wa unga, kwa meta 66, bado yuko chini ya mupaka wa India pia. Kwa hiyo anayewaambia kuwa mutu asikae mu meta 300 za pilone, mumuulize: ni mupaka gani, na ni wati ngapi? Namba bila hesabu ni uvumi, hata kama imeandikwa na kupigwa tampo.

Kinachomaliza mabishano ni kipimo. Kupima si kuangalia vidoti vya rezo mu telefone. Vile vinaonyesha kama telefone inasikia pilone yake, havionyeshe mawimbi yote yanayokupitia. Hata kale kamashini ka bei ndogo ka kununua kwa mutandao kanaweza kudanganya, juu mara nyingi hakajapimwa na mashini ya kweli, na kukageuza tu mu mukono kunabadilisha namba. Fundi wa kweli anakuja na mashini inayosikia pande zote kwa mara moja na iliyo na karatasi ya kuhakikishwa kwake. Anapima mahali watu wanakaa: kitandani, dirishani, mu balkoni. Anapima urefu kadhaa, kutoka kifua mpaka kichwa, na anachukua wastani. Mupaka wa ICNIRP wa 2020 unaangalia wastani wa dakika 30 kwa mwili muzima, kwa hiyo namba moja iliyoruka kwa sekunde moja haitoshe kumushitaki mutu wala kumutakasa.

Mashini ile mara nyingi inaandika volti kwa meta. Hapa kuko mutego mumoja tunataka muujue kabla hawajawaletea karatasi. Mupaka wa wati 4,5 mu 900 megahezi ni sawa na volti 41 kwa meta. Tuseme wanapima volti 4,1. Mutu atasema: "Ni sehemu moja ya kumi ya mupaka." Hapana, ni sehemu moja ya mia, juu nguvu inafuata namba ile ikizidishwa na yenyewe. Na upande mwengine: wakipima volti 82, hawajapita mupaka mara mbili, wameupita mara nne. Anayeisoma vibaya anaweza kutisha watu bure, na anaweza pia kuficha kosa kubwa.

Kwa majirani wetu wa Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, ni ofisi ya serikali inayoenda kupima mionzi ya minara ya simu. Kwa hiyo si jambo la Ulaya peke yake. Huku kwetu ofisi inayosimamia mambo ya telefone ni ARPTC, na ruhusa za kujenga zinapita kwa serikali ya muji na ya jimbo. Wote wawili wanahusika, juu hatari inazaliwa pale antene na etaje vinapokutana, na kila ofisi ikiangalia karatasi yake tu, hakuna anayeona yale mawili pamoja.

Kabla ya kusema tunachoomba, neno moja juu ya grupe elektrojene. Kelele yake ya usiku, moshi wake, mafuta yanayomwagika mu muchanga, ile ni mashtaka ya kweli na mutu yeyote anaweza kuyaona. Lakini tusiyachanganye na mawimbi. Ukienda kulalamika kuwa antene inakuletea kikohozi, watakucheka na watakurudisha. Ukienda na moshi, sema moshi, na dai lako litasimama.

Kwa hiyo hatuombi pilone zibomolewe. Tunaomba mambo manne, na kila moja linatoka mu hesabu tuliyoifanya.

Kwanza, kwa kila pilone ya Buluo, mwenye antene atoe karatasi moja inayosomeka: wati zinazofika kwa kila antene, desibeli zake, masafa yake, urefu wake, upande inaoangalia, na umbali wa kuzuia watu mbele yake. Ni mustari sita. Si siri ya biashara, ni namba za mwili wetu.

Pili, kila mara wanapoongeza antene ao kompani ingine, jumla irudiwe. Tumewaonyesha namna 433 inakuwa 866. Karatasi ya zamani haijui vitu vipya.

Tatu, mutu anayeomba kujenga etaje mbele ya antene aambiwe umbali ule kabla ya kununua simenti, si kisha. Na kama nyumba ilikuwa pale kwanza, ni antene njo inasogea ao inainuliwa, si familia.

Ine, kipimo kifanyike mu nyumba zilizo sawasawa na urefu wa antene, mu vilima na mu etaje, saa ya mangaribi, mbele ya wakaaji, na namba zibandikwe mahali kila mutu anaweza kuzisoma.

Na ninyi kuko kazi munaweza kuifanya kabla ya ofisi yoyote kujibu. Mutu asimame kwa dirisha lake la juu na aangalie ubao wa antene. Kama anainua macho sana kuuona, mwale unapita juu yake. Kama anauona mbele yake sawasawa, kama uso kwa uso, basi ahesabu hatua mpaka pale. Zikifika mia moja, alale. Zikiwa chini ya makumi mbili, aandike anwani yake na urefu wa dirisha, atuletee. Hatutamwambia kuwa anakufa. Tutakaa naye na kalamu, tutafanya hesabu, na tutapeleka nyumba ile kwanza mu barua ya kuomba kipimo.

Vijana wa harakati ya raia, Buluo, Likasi